Namna ya Kuichora Darsa Ndefu kwa Mfano wa Mti

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu. Amma baadu. Ndugu zetu wasomaji, katika halaka yetu imekuwa ni ada siku hizi kwamba darsa ikishasomeshwa hunaswa sauti yake kwa simu, kisha hupelekewa kila asiyeweza kuhudhuria. Hilo ni jambo la kheri. Lakini sauti iliyonaswa si ilimu iliyohifadhika. Mtu aweza kuwa na darsa 100 ndani ya simu yake, na akiulizwa suala moja akawa hajui aende kulitafuta wapi. Kwa hivyo leo twataka kueleza namna ya kuigeuza darsa moja ndefu iwe mchoro wenye shina, matawi na vitawi, ambao wengine huuita ramani ya mawazo. Mfano tutakaoutumia ni darsa ya mirathi tuliyoisikiliza sisi wenyewe, na ambayo iliwahi kutuletea mashaka.

Mashaka yenyewe yalikuwa hivi. Kijana mmoja wa halaka yetu alifiwa na ami yake. Maiti aliacha mke, mama, mabinti wawili, na ndugu mmoja wa baba na mama, ambaye ndiye baba wa kijana huyo. Mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni ilikuwa shilingi 2,400,000. Kijana alikuwa ameisikiliza darsa yote ya mirathi na kuandika kurasa 11. Alizifungua kurasa zake, akapiga hesabu mbele ya watu wa nyumbani, akasema: mke ana thumuni, mama ana thuluthi, mabinti wana thuluthi mbili, na baba yangu hakubakiliwa na kitu. Baba akaridhika, wala hakusema neno. Lau mambo yangaliishia hapo, haki za watu zingalipotea, na aliyezipoteza ni mtu aliyehudhuria, akasikiliza na kuandika.

Kosa lilikuwa wapi? Twalipozisoma zile kurasa tuliona kuwa hakuna neno hata moja aliloandika ambalo Maalim hakulisema. Katika dakika ya 47 Maalim alisema kuwa mama hupata thuluthi. Kijana akaliandika katika ukurasa wa 4. Baadaye mtu mmoja akauliza juu ya wasia, na jawabu likachukua robo saa. Kisha Maalim akarejea kwenye mafungu, akaingia kwa asaba, na katika dakika ya 101, alipokuwa akieleza namna mrithi mmoja anavyompunguzia mwingine, akasema kuwa mama hushuka kutoka thuluthi hadi sudusi maiti akiwa na mtoto. Kijana akaliandika hilo nalo, katika ukurasa wa 9. Basi hukumu ikawa upande mmoja wa daftari na sharti yake upande mwingine, na baina yake kurasa 4. Alipohitaji fungu la mama, alifungua pale palipoandikwa “mafungu”, akalichukua alilolikuta.

Hapa ndipo penye siri ya jambo zima. Msemaji hana budi kusema neno baada ya neno, kwa sababu ulimi hauwezi kusema mawili kwa wakati mmoja. Daftari la kawaida huufuata ulimi. Mchoro wa mti haufuati wakati bali hufuata maana: lililosemwa dakika ya 101 huning’inizwa chini ya lile la dakika ya 47, ikiwa hilo ni sharti ya hili. Mwenye kuuchora mti kwa kufuata wakati hakuchora kitu. Ameiandika orodha ileile na kuizungushia mistari tu.

Sasa na tueleze kazi yenyewe, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza bila ya kuchora. Ichukuwe darsa yote, uwe na karatasi ndogo kando yako, na kila Maalim anapogeuka kutoka jambo moja hadi jingine andika dakika na maneno mawili au matatu. Mageuko hayo yana alama zake. Msemaji husema “tumemaliza hilo”, au “jambo la tatu”, au hunyamaza kidogo na kubadilisha sauti, au hurejea kwenye kitabu baada ya kisa. Darsa yetu ilikuwa na dakika 130, na karatasi yetu ilitoka hivi:

0 – khutba na fadhila za ilimu hii
9 – yanayotangulia mgao
26 – sababu za kurithi na vizuizi
38 – wenye mafungu
58 – suala la mtu: wasia
73 – wenye mafungu (amerejea)
79 – asaba
94 – kuzuia na kupunguza
112 – hesabu
130 – mwisho

Mistari 10 tu. Ikiwa yako imefika 40, basi ulikuwa unaandika mafundisho na wala hukuwa unaandika mageuko. Anza tena. Karatasi hii si mti bado, bali ni njia ya kurudi ndani ya sauti bila ya kupapasa.

Hatua ya pili ni kuandika shina. Chukua karatasi kubwa, ambayo hata nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita yafaa, uilaze kwa upana, na utumie penseli wala si kalamu ya wino. Katikati uandike suala ambalo darsa yote ni jawabu lake. Wengi huandika jina, kama “Mirathi”, wakaona wamemaliza. Jina halimkatazi mtu kutia chochote: fadhila za mirathi, historia ya mirathi na visa vya mirathi, vyote vitaingia. Lakini tukiandika “Mali ya maiti hugawanywaje?”, mara moja twajua lipi ni la ndani na lipi ni la kando. Ile khutba ya dakika 9 za mwanzo ilitulainisha nyoyo, lakini hailijibu suala hilo. Kwa hivyo haikupata tawi.

Hatua ya tatu, nayo ndiyo nzito, ni kuyachagua matawi makuu. Mtu mvivu huichukua ile karatasi ya mageuko na kufanya kila mstari kuwa tawi. Akifanya hivyo atapata tawi la wasia, kwa kuwa lilichukua dakika 15, na tawi la “kuzuia na kupunguza”, kwa kuwa Maalim aliliita mlango. Lakini wingi wa dakika si uzito wa jambo. Maalim alikaa na wasia kwa sababu muulizaji hakufahamu, na lau angalifahamu mara ya kwanza zingalikuwa dakika 2. Wasia ni mojawapo ya mambo yanayotangulia mgao, pamoja na mazishi na madeni. Basi pahali pake ni kitawi ndani ya tawi hilo, kikiwa na masharti yake mawili: usizidi thuluthi ya kilichobaki baada ya deni, wala asiusiwe mrithi, ila warithi wengine waridhie.

Sisi tulibakisha matawi matano. La kwanza, yanayotangulia mgao. La pili, nani hurithi na nani hazuiwi. La tatu, wenye mafungu. La nne, asaba, yaani wale wachukuao kilichobaki. La tano, hesabu. Kila tawi tulilipima kwa mambo mawili: je, ni sehemu ya jawabu la shina? Na je, ukiliondoa, mgao utaweza kufanyika? Ukiondoa mojawapo ya haya matano mgao hauwezekani. Ukiondoa kisa cha Maalim juu ya watu wa zamani waliowanyima wanawake, mgao wawezekana, ijapokuwa kisa kizuri. Kwa hivyo kisa kilikwenda pembeni mwa karatasi na dakika yake, ili atakaye kukisikia akipate.

Huenda msomaji akauliza: na ule mlango wa “kuzuia na kupunguza” mmeupeleka wapi? Hapo ndipo tuliposimama sana. Mlango ule una mambo mawili yaliyofungwa kwa jina moja. La kwanza ni kumzuia mtu moja kwa moja, kama mtoto mwanamume amzuiavyo ndugu wa maiti asipate kitu. Hilo lahusu nani hurithi, basi likaenda tawi la pili. La pili ni kumpunguzia mtu kutoka fungu kubwa hadi dogo, kama mtoto ampunguziavyo mama. Hilo si habari ya nani, ni habari ya kiasi gani, basi tukalivunja vipande vipande, na kila kipande tukakitia chini ya mrithi kinayemhusu katika tawi la tatu. Ukiyaacha yote mawili katika tawi moja kwa kuwa Maalim aliyasema pamoja, utakuwa umelirudia kosa la yule kijana, tena kwa rangi nzuri.

Hatua ya nne ni vitawi, na hapa twataka tuonyeshe kitawi kimoja kizima. Katika tawi la tatu, mama alikuwa hivi:

Wenye mafungu
— Mama
—— sudusi (47, 101)
——— sharti: maiti ana mtoto, au mtoto wa mwana
——— au: ana ndugu wawili au zaidi
—— thuluthi (47)
——— sharti: hayo mawili yote hayako
—— thuluthi ya kilichobaki (76)
——— sharti: yuko baba pamoja na mume au mke, na hayo mawili hayako
—— dalili: Suratun-Nisaa, aya ya 11 (49)

Tazameni mambo matatu. Kwanza, kila pahali pana maana moja tu, kwa maneno machache. Ukiona umeandika maneno 12 pahali pamoja, jua kuwa ndani yake mna vitawi viwili vilivyoshikana. Pili, kila kitu kina dakika yake kwenye mabano, na mama ana dakika nne kutoka pahali mbalimbali pa darsa. Hayo ndiyo yanayokuonyesha kuwa mchoro umekusanya maana wala haukufuata ulimi. Tatu, hukumu, sharti na dalili hazikukaa safu moja. Sharti iko chini ya hukumu yake, na dalili iko chini ya mama mwenyewe, kwa sababu aya hiyo ni dalili ya fungu lake kwa jumla. Lau tungaliiandika sharti sambamba na hukumu, msomaji angaliweza kuichukua hukumu na kuiacha sharti, kama alivyofanya ndugu yetu.

Ili ujue kuwa umekiweka kitu pahali pake, yako mapimo mepesi nayo ni haya: anza kwenye ncha ya kitawi, uyasome maneno ukirudi hadi shinani, na uyaunge yawe jumla moja. Ikiwa jumla hiyo ni kamili na ni kweli, kitawi kiko pake. “Maiti akiwa na mtoto, mama hupata sudusi, kwani ni katika wenye mafungu, katika kuigawanya mali ya maiti.” Hiyo ni jumla sahihi. Lakini daftari la kijana lilisema: “Mama hupata thuluthi.” Hiyo si kweli kila wakati. Jumla isiyokuwa kweli ila kwa sharti, na sharti haipatikani katika njia ya kurudi, ni dalili kuwa kitawi kimekatwa na kubandikwa pengine.

Hatua ya tano ni mistari ya kuungia. Yako mambo ambayo kwa haki yana pahali pawili. Ndugu wa maiti wako katika tawi la asaba, lakini pia ndio wanaompunguzia mama wakiwa wawili, hata kama wao wenyewe hawapati kitu. Usiyaandike mara mbili, maana utakapolisahihisha moja utalisahau jingine. Yaandike pahali pamoja, na upige mstari wa nukta nukta hadi pahali pa pili. Mistari hii iwe michache. Sisi tulikuwa na 4 katika mchoro mzima. Mtu akiona ana 15, basi matawi yake makuu hakuyachagua vizuri, na inampasa arudi hatua ya tatu.

Hatua ya sita ni kuusikiliza tena mkanda, lakini si wote. Fungua zile dakika ulizoweka alama ya kuuliza tu. Kwetu sisi palikuwa na pahali pawili. Pamoja, gari lilipita na neno la Maalim likafunikwa. Hatukulijaza kwa kukisia, bali tuliacha alama na kumuuliza. Katika ilimu kama hii, pengo linaloonekana ni bora kuliko neno lililobuniwa, kwa sababu pengo humfanya mtu aulize, na neno la kubuni humfanya aamini.

Kisha ukishamaliza, ujaribu mchoro kwa suala la kweli, na sauti ikiwa imezimwa. Na tulijaribu suala la yule ami. Tawi la kwanza: mazishi na deni zimekwisha, wasia hakuna, zimebaki shilingi 2,400,000. Tawi la pili: wote watano hurithi, kwani hakuna mtoto mwanamume wala baba wa kumzuia ndugu. Tawi la tatu: mke ana thumuni kwa kuwa pana mtoto, mama ana sudusi kwa sababu hiyohiyo, mabinti wawili wana thuluthi mbili. Tawi la nne: ndugu huchukua kilichobaki. Tawi la tano: hesabu huanzia 24. Mke 3, mama 4, mabinti 16, jumla 23, na ndugu 1. Kwa shilingi, mke apata 300,000, mama 400,000, kila binti 800,000, na ndugu 100,000.

Na hesabu ya kijana ilikuwaje? Kwa kumpa mama thuluthi, alipata 3 na 8 na 16, jumla 27 juu ya asili ya 24. Mafungu yakawa mengi kuliko mali. Hilo lingalipaswa kumshtua, lakini alikumbuka kuwa katika dakika ya 118 Maalim alifundisha habari ya aul, yaani mafungu yakizidi asili hupandishwa ile asili na kila mtu akapungukiwa kwa kadiri yake. Basi akapandisha hadi 27. Kanuni ilikuwa sahihi, lakini aliitumia juu ya fungu lililokosewa, na usahihi wa kanuni ukalifunika kosa. Mama alipewa 711,111 badala ya 400,000. Mke alishuka hadi 266,667, kila binti hadi 711,111, na ndugu akatoka mikono mitupu. Watu wanne walidhulumiwa kwa sharti moja iliyokaa ukurasa wa 9.

Alhamdulillahi, mali ilikuwa haijagawanywa bado. Kijana alipoletewa mchoro aliufuata kwa kidole kutoka mama hadi ncha ya kitawi, akanyamaza, kisha akasema, “Niliyasikia yote mawili.” Naam, aliyasikia. Bibi yake, mama wa maiti, alipoelezwa alisema hakuitaka hata shilingi moja isiyokuwa yake.

Yamebaki mambo mawili juu ya mipaka ya kazi hii. La kwanza, si kila darsa huchorwa kwa mti. Darsa ya masharti na migawanyo, kama mirathi, zaka au nikaha, huukubali mti vizuri sana. Lakini darsa ya sira, ambayo nguvu yake ni jambo hili lilifuatwa na lile, ukiikata matawi utaiua. Hiyo yafaa ichorwe kwa mstari mmoja mrefu wa miaka. Ukiona baada ya kusikiliza mara ya kwanza kuwa huwezi kusogeza jambo lolote mbele au nyuma bila ya kuharibu maana, basi hiyo ni darsa ya mstari.

La pili, mchoro ni njia ya kuirudia darsa, wala si badala yake, tena si fatwa. Ile hesabu tuliyoifanya tulimpelekea Maalim akaithibitisha kabla ya mtu yeyote kuambiwa. Penye ugomvi wa urithi, pahali pake ni kwa Kadhi, ambaye katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa kuhukumu mambo ya urithi baina ya Waislamu waliokubali mahakama yake. Lakini mwenye mchoro sahihi akienda mbele ya mwanachuoni hujua ni suala gani la kuuliza, na akijibiwa hujua jawabu linakaa kwenye kitawi gani.

Mchoro wa darsa hii umebandikwa ukutani mwa chumba cha halaka, na zile dakika zimeandikwa kwa wino mwekundu. Kwenye tawi la tano ingaliko alama moja ya kuuliza. Atakayelijua jawabu na alete, lakini aje na dalili.

Wallahu aalam.